Ombi au Taarifa? Barua ya Mhudumu wa Mapokezi Anayeacha Kazi Kwenda Chuo

Jumapili ya tarehe 31 Agosti 2025, mpwa wangu alifika kwangu Tabata na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya pochi. Anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Kariakoo. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma stashahada ya usimamizi wa utalii, na chuo kilimtaka aripoti Jumatatu ya tarehe 6 Oktoba. Kesho yake alikuwa zamu ya asubuhi na alitaka kuiacha barua mezani kwa meneja kabla hajaingia kaunta. "Mjomba, nisomee tu kama Kiswahili kimekaa vizuri," alisema.

Kiswahili kilikuwa kimekaa vizuri. Barua ndiyo haikukaa. Niliwahi kuwa afisa utumishi hotelini kwa miaka kadhaa, na barua za namna ile nilizipokea nyingi. Yake ilikuwa hivi:

"YAH: OMBI LA KUACHA KAZI. Husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mfanyakazi wako katika kitengo cha mapokezi. Naomba kuacha kazi mwisho wa mwezi ujao kwa kuwa nimepata nafasi ya kwenda kusoma. Naomba pia nitumie siku zangu za likizo zilizobaki ili nimalize mapema. Natanguliza shukrani."

Ni sentensi chache tu, lakini tulikaa nazo mpaka chai ikapoa.

Neno "naomba"

Sisi Waswahili tunaomba hata kile ambacho ni haki yetu. Mtu anaomba chenji yake kwa konda, anaomba kushuka kituoni. Ni adabu, na mdomoni haina madhara. Kwenye barua ya kuacha kazi, neno hilohilo lina uzito wa kisheria, kwa sababu anayeombwa anaweza kukubali, kukataa, au kukaa kimya.

Kama unatakiwa kuomba au la, hilo linategemea aina ya mkataba ulio nao. Tanzania Bara mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007.

Mwenye mkataba usio na tarehe ya mwisho, ule tunaouita mkataba wa kudumu, haombi. Anatoa notisi. Akishaitoa kwa maandishi na muda wake ukaisha, ajira imekwisha, meneja afurahi asifurahi. Kibali cha mwajiri hakihitajiki.

Mwenye mkataba wa muda maalumu, tuseme wa mwaka mmoja unaoishia Januari, yuko mahali pengine kabisa. Kanuni za 2007 zinasema mfanyakazi wa namna hii anaweza kujiuzulu kabla ya muda pale tu mwajiri anapokuwa amevunja mkataba kwa kiasi kikubwa. Kama mwajiri hajavunja chochote, njia halali iliyobaki ni makubaliano: mfanyakazi anaomba mkataba usitishwe mapema, na mwajiri anakubali. Huyu ndiye ambaye "naomba" inamfaa, na kichwa cha barua yake kinapaswa kusema wazi: Ombi la kusitisha mkataba kabla ya muda kwa makubaliano. Kisha asubiri jibu la maandishi. Akiondoka bila jibu, yeye ndiye aliyevunja mkataba, na mwajiri ana mlango wa kumdai hasara.

Kinachochekesha, ingawa si kichekesho kwa aliyekutwa nayo, ni kwamba nimeona watu wakifanya kinyume. Wa kudumu anaandika ombi, halafu anakaa wiki tatu akingoja ruhusa ambayo hakuihitaji. Wa muda maalumu anaandika "natoa notisi" kwa sauti ya juu, kumbe mkataba wake haumruhusu.

Kabla ya kugusa kalamu, basi, toa mkataba kwenye bahasha uusome. Tafuta tarehe ya mwisho. Ukiikuta, endelea kusoma mpaka kipengele cha kusitisha, maana mikataba mingi ya muda maalumu yenyewe inaruhusu upande wowote kutoka kwa notisi ya mwezi mmoja, na kipengele hicho kikiwepo ndicho utakachokitaja kwenye barua.

Mkataba wa mpwa wangu tuliupata kwenye simu yake, ameupiga picha. Aliajiriwa tarehe 1 Aprili 2023, hauna tarehe ya mwisho, na unataka notisi ya siku 28 kutoka kila upande. Neno "ombi" tukalifuta.

"Mwisho wa mwezi ujao" ni lini?

Barua haikuwa na tarehe. Aliiandika Agosti, na kichwani mwake mwezi ujao ulikuwa Septemba. Sasa tuseme meneja yuko safarini, karani anaigonga muhuri Jumatano ya tarehe 3 Septemba. Kwa anayeisoma siku hiyo, mwezi ujao ni Oktoba. Binti angeripoti chuoni tarehe 6 Oktoba huku jina lake limo kwenye ratiba ya zamu ya usiku Kariakoo.

Sheria inataka notisi iwe ya maandishi, itaje sababu, na itaje tarehe inayotolewa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, muda wake usipungue siku 28. Mtu aliye katika mwezi wake wa kwanza kazini anatakiwa siku 7. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Mwajiri hawezi kujiwekea siku 28 yeye na kukuwekea wewe miezi mitatu.

Tulihesabu kwa vidole juu ya kalenda ya ukutani. Barua inatolewa Jumatatu, tarehe 1 Septemba. Siku ya kutoa hatukuihesabu, ili asije mtu akadai siku imepungua. Siku ya kwanza ni tarehe 2, na ya 28 ni tarehe 29 Septemba. Hiyo ndiyo siku yake ya mwisho kazini, na inaandikwa kwenye barua kwa tarakimu. Inambakiza karibu wiki nzima ya kushona sketi za chuo na kutafuta chumba.

Sababu je? Andika ukweli, kwa sentensi moja: unakwenda kusoma, kozi gani, lini. Haihitaji kueleza kwamba mshahara ni mdogo au kwamba msimamizi wako ana mdomo, hata kama yote mawili ni kweli. Kwa anayekwenda kusomea utalii kuna jambo la ziada: kozi hizi zina mafunzo kwa vitendo, na mwanafunzi hutafuta hoteli ya kumpokea. Hoteli iliyokwisha kukufundisha kufunga hesabu za usiku ni mahali pa kwanza pa kubisha hodi, kwa hiyo mstari mmoja wa kusema hivyo si unafiki.

Na jambo hili nilimuuliza mapema kabisa: barua ya udahili unayo mkononi, au umeambiwa kwa simu? Notisi ikishatolewa, kuirudisha kunategemea hisani ya mwajiri. Alinionyesha barua. Tukaendelea.

Mtego wa likizo

Sentensi ya "nitumie siku zangu za likizo ili nimalize mapema" inaonekana ya busara. Wengi huipanga hivyo: notisi siku 28, likizo nina siku 12, kwa hiyo nafanya kazi siku 16 naondoka. Sheria inakataza hesabu hiyo. Notisi haitolewi mtu akiwa likizo, na siku za notisi haziendi sambamba na siku za likizo. Ni kinga ya pande zote mbili. Hata mwajiri hawezi kukupeleka likizo kwa lazima halafu akadai notisi imeisha ukiwa Tanga kwa bibi.

Siku hizo hazipotei, zinageuka pesa. Kwa likizo iliyokusanyika ndani ya mwaka ambao haujakamilika, kanuni ni mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi au ulizostahili kufanya kazi. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 520,000, na anafanya kazi siku sita kwa wiki. Mwezi wa namna hiyo una takriban siku 26 za kazi, kwa hiyo siku moja ni shilingi 20,000. Likizo ya miaka ya nyuma alikwisha kuimaliza. Mwaka wake mpya wa likizo ulianza tarehe 1 Aprili 2025, na mpaka tarehe 29 Septemba ni wiki 26 kamili, yaani siku 156 za kazi. Gawa kwa 13, unapata 12. Mara 20,000 ni shilingi 240,000.

Ongeza mshahara wa Septemba mpaka tarehe 29. Ukitoa Jumapili nne ni siku 25, sawa na shilingi 500,000. Jumla 740,000 kabla ya makato.

Alikuwa na hesabu nyingine kichwani, ya kiinua mgongo. Mwenzake kaunta alimwambia kila mwaka una siku saba. Ni kweli, lakini malipo hayo ya kisheria ni ya mtu ambaye mwajiri ndiye amemwachisha kazi, akiwa ametumikia angalau miezi 12, na hata hapo kuna masharti. Anayeondoka mwenyewe hayamhusu, isipokuwa mkataba wake au makubaliano ya chama cha wafanyakazi pale kazini yamempa kitu zaidi. Siku 14 alizokuwa amezipigia mahesabu ya godoro zikayeyuka palepale mezani.

Akauliza swali ambalo kila mmoja huuliza. "Na nikiacha tu kuja, Mjomba? Wiki mbili za mwisho?" Mwajiri anaruhusiwa kukata, kwenye pesa unazomdai, kiasi ambacho ungelipwa kwa siku za notisi ulizokataa kufanya kazi. Tuseme anafanya mpaka tarehe 15 Septemba halafu haonekani. Kuanzia tarehe 16 mpaka 29 kuna siku 12 za kazi. Kwa siku hizo hatalipwa mshahara, kwa kuwa hakuzifanyia kazi, na juu yake zinaweza kukatwa shilingi 240,000, yaani pesa yake yote ya likizo. Alinyamaza, akachukua andazi.

Barua tuliyoiandika

Tulifuta, tukaandika upya. Tulihifadhi adabu, kwa kuwa barua ya Kiswahili isiyo na adabu husomwa kama tusi, lakini adabu tuliiweka kwenye shukrani na tukaiondoa kwenye uamuzi. "Husika na mada tajwa hapo juu" niliiacha nje kwa chuki zangu binafsi; haina kosa, ila sijawahi kuona mtu aliyeshindwa kuhusika kwa sababu hakuambiwa.

"S.L.P. …, Dar es Salaam.
1 Septemba 2025

Meneja Mkuu,
Hoteli …,
S.L.P. …, Dar es Salaam.

K.K.: Msimamizi wa Mapokezi

YAH: NOTISI YA SIKU 28 YA KUACHA KAZI

Mimi ni mhudumu wa mapokezi katika hoteli yako tangu tarehe 1 Aprili 2023, kwa mkataba wa kudumu.

Kwa barua hii natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi kama mkataba wangu unavyotaka. Notisi inatolewa leo, tarehe 1 Septemba 2025, na siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 29 Septemba 2025.

Sababu ni masomo. Nimepata nafasi ya stashahada ya usimamizi wa utalii na natakiwa kuripoti chuoni tarehe 6 Oktoba 2025.

Nitaendelea na zamu zangu kama zilivyopangwa mpaka siku hiyo, na niko tayari kumwelekeza atakayepokea nafasi yangu. Naomba nipangiwe siku na mtu wa kukabidhiana naye kianzio cha kaunta, funguo na vifaa vingine kwa maandishi.

Naomba pia niandaliwe malipo yangu ya mwisho, yakiwemo ya likizo ambayo sijaichukua, pamoja na cheti cha utumishi.

Nashukuru kwa niliyojifunza hapa. Chuo kitakaponitaka kufanya mafunzo kwa vitendo, nitafurahi kufikiriwa.

Wako mtiifu,
(saini na jina)"

"Naomba" imerudi, lakini angalia iliporudi. Iko kwenye makabidhiano, malipo na cheti, mambo ambayo mtu mwingine lazima ayafanye. Kwenye kuondoka kwenyewe kitenzi ni "natoa".

Alitaka kuongeza kwamba, ikishindikana, apewe likizo bila malipo ya miaka miwili arudi. Nilimkatalia. Hilo ni ombi halali, lakini ni barua nyingine, na inaandikwa kabla ya hii. Ukiyachanganya, msomaji hajui kama unaondoka au unajadiliana, na hesabu ya siku 28 inakuwa ya kubishania.

Barua ilichapwa nakala mbili kwenye steshenari ya jirani. Nakala moja inabaki ofisini, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaandikwa tarehe na kusainiwa, kisha inarudi nyumbani. Kama hoteli haina muhuri, saini na jina la aliyepokea vinatosha. Picha ya barua iliyotumwa kwa msimamizi kwenye WhatsApp ni nyongeza nzuri, ila isiwe ndiyo pekee. Msimamizi akibadilisha simu, ushahidi wako umeondoka naye.

Kaunta ndiko pesa inakopotelea

Mpishi akiacha kazi anarudisha visu na sare. Mhudumu wa mapokezi anaacha pesa za watu, na hapa ndipo nilipoona watu wengi wakiumia.

Hotelini nilikokuwa, kijana mmoja wa mapokezi alimaliza notisi yake vizuri, zamu ya mwisho ilikuwa ya usiku. Asubuhi alimwachia mwenzake droo, wakaagana, akaondoka bila kusaini chochote. Mchana ikaonekana shoti ya shilingi 180,000. Nani aliisababisha hakuna aliyejua, lakini aliyekuwa hayupo ndiye aliyebebeshwa, na uhasibu wakaikata yote kwenye malipo yake ya mwisho. Mimi niliisaini ile karatasi ya malipo. Sikuuliza, na nilipaswa kuuliza.

Nilipaswa, kwa sababu sheria haimruhusu mwajiri kukata hasara kienyeji. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi deni hilo likatwe. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Awe amepewa nafasi ya haki ya kujieleza. Kiasi kisizidi hasara halisi. Na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake. Shoti ya kijana yule haikupita hata kwenye sharti la kwanza.

Nilimwambia mpwa wangu asisubiri siku ya mwisho. Zamu yake ya kufunga ikifika, kianzio kihesabiwe na watu wawili, noti kwa noti, na karatasi ionyeshe kiasi, saa na saini zote mbili. Amana za wageni ambao bado wako vyumbani ziorodheshwe kwa namba ya chumba. Akaunti ya mgeni yenye mgogoro, labda anakataa bili ya dobi, iandikwe imefikia wapi. Funguo kuu na kadi za akiba zihesabiwe. Nywila yake kwenye mfumo wa hoteli ifungwe siku hiyohiyo, na aombe afungiwe mbele yake, kwa sababu risiti iliyofutwa kwa jina lake tarehe 2 Oktoba itamtafuta yeye darasani. Karatasi ile aipige picha.

Cheti cha utumishi ni lazima mwajiri akitoe ajira inapokwisha, hata kama mfanyakazi ameacha mwenyewe. Wengi hawakiombi, halafu miaka mitatu baadaye wanatafuta kazi ya usimamizi na hawana cha kuonyesha kwamba waliwahi kusimama nyuma ya kaunta. Michango yake ya NSSF inabaki kwa jina lake na namba yake ya uanachama, na akiajiriwa tena baada ya chuo inaendelea kwa namba hiyohiyo. Alichotakiwa kufanya ni kuangalia taarifa yake na kuhakikisha miezi yote kuanzia Aprili 2023 imewasilishwa, wakati bado yumo ndani ya jengo na mhasibu anamfahamu kwa sura.

Kama malipo ya mwisho yangechelewa au kukatwa bila maelezo, dai linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayofahamika zaidi kwa jina la CMA, kwa kujaza fomu namba moja. Kwa madai ya aina hii muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipozaliwa. Siku 30 ni za wanaopinga kuachishwa kazi.

Jumatatu saa moja kasoro asubuhi alinitumia picha ya nakala yake. Muhuri ulikuwa umekaa upande na wino umefifia, lakini tarehe ilisomeka: 1 Septemba 2025.